Tovuti Kubwa, Agizo Moja kwa Wakati

Iandikie programu ya akili unde sentensi hii: "Nitengenezee tovuti ya ukumbi wa sherehe yenye kalenda, fomu ya kushika tarehe, sehemu ya meneja na malipo kwa simu." Tovuti utapata. Itatoka ndani ya dakika chache ikiwa na picha za mfano, vitufe vya rangi ya dhahabu na kalenda inayobonyezeka. Ukijaza fomu utaambiwa ombi lako limepokelewa, ahsante sana. Mwenye ukumbi akiona hivyo hubaki na swali moja tu: itapanda mtandaoni lini?

Kuna maswali mengine ambayo yangefaa kutangulia. Kamati mbili za harusi zikigombea Jumamosi moja, nani ataipata? Harusi ikivunjika, tarehe yake inaachiliwa au inabaki imefungwa? Namba za simu za wateja zinaonekana na nani? Majibu yake yamo tayari ndani ya mafaili yaliyozalishwa, maana programu haiwezi kuendeshwa ikiwa mambo hayo hayajaamuliwa kwa namna moja au nyingine. Ila aliyeyaamua ni mashine, kimyakimya, na hakuna mtu aliyeona ilivyoamua.

Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya OpenAI, aliupa jina mtindo huu wa kujiachia: unaeleza unachotaka, unakubali kila badiliko bila kulisoma, na hitilafu ikitokea unaibandika kama ilivyo na kusubiri marekebisho. Mtindo ulishika kasi. Kilichosahaulika haraka ni kwamba yeye mwenyewe aliuona unafaa kwa vijikazi vya wikiendi, vya kutumia na kutupa. Tovuti ambayo watu wataitegemea kupanga siku ya harusi haimo katika kundi hilo.

Tufanye hesabu ya kubuni. Tovuti ina sehemu nane, na mashine inapatia kila sehemu mara tisa katika kumi. Uwezekano wa zote nane kutoka sahihi kwa mpigo mmoja ni asilimia 43 hivi, pungufu ya nusu. Hata hivyo asilimia hiyo si kero kubwa kuliko zote. Kero ni kwamba sehemu iliyokosewa haijitangazi, na kufikia unapoigundua sehemu nyingine tatu zimeshaegemea juu yake. Ukiomba irekebishwe, nazo zinatikisika.

Dawa yake inajulikana: kazi ikatwe vipande, kila kipande kiwe na agizo lake, na agizo linalofuata lisitolewe mpaka kilichotoka kikaguliwe. Wengi wakiambiwa hivyo huikata kazi kwa kurasa. Agizo la kwanza ukurasa wa mwanzo, la pili ukurasa wa bei, la tatu ukurasa wa mawasiliano. Mgawo huo haukusaidii sana, kwa sababu hatari za tovuti ya ukumbi hazikai kwenye kurasa. Ukurasa wa bei ukikosewa, utaona kwa macho na utarekebisha jioni hiyohiyo. Kanuni ya tarehe ikikosewa, utaijua siku kamati mbili zinapofika getini na mapambo yao.

Mimi ninaikata kazi kwa kuuliza swali moja: ni jambo gani ninaloweza kulijaribu mwenyewe, kwa mkono, na kupata jibu la ndiyo au hapana? Kila jambo la namna hiyo ni hatua moja. Na ninaandika jaribio lake kabla sijaandika agizo, kwa sababu ukishaona kitu kinachong'aa kwenye kioo, ni rahisi mno kujitungia jaribio ambalo kitalishinda.

Tuchukue ukumbi wa kawaida, wa aina unayoweza kuukuta Sinza au Tabata. Una sehemu mbili za kukodi: ukumbi wa ndani na bustani. Kila sehemu inapokea sherehe moja kwa siku. Mteja anaomba tarehe, analipa advansi, meneja anathibitisha. Kabla ya agizo lolote la kuzalisha msimbo, linaandikwa faili moja fupi, na mwandishi wake awe mtu. Tuliite `MAELEZO.md`:

```
Sehemu za kukodi: ukumbi, bustani.
Sehemu moja, sherehe moja kwa siku.
Ombi jipya hushika tarehe mpaka meneja
  alithibitishe au alifute.
Ombi likifutwa, tarehe inaachiliwa;
  kumbukumbu ya ombi inabaki.
Mgeni haoni jina wala simu ya mteja yeyote.
Tarehe ni DATE. Majira: Africa/Dar_es_Salaam.
Teknolojia: PHP 8 na MySQL. Hakuna kingine.
```

Faili hili linabandikwa mwanzoni mwa kila agizo. Mstari wa mwisho unaweza kuonekana wa kupuuzwa, lakini bila huo mashine inaweza kukuandikia hatua ya pili kwa maktaba moja na hatua ya nne kwa nyingine inayofanya kazi ileile. Mistari ya kati ndiyo sheria za biashara. Mwenye ukumbi azisome na kuzikubali, maana ni yeye anayejua kwamba ombi lililofutwa halitupwi. Huenda mteja akarudi kudai advansi yake.

Hatua ya kwanza ni majedwali ya hifadhidata, bila ukurasa hata mmoja. Najua hapa wengi wananuna. Hakuna cha kumwonyesha mtu, hakuna rangi, hakuna picha ya bibi harusi. Lakini kila kitu kingine kitasoma au kuandika humu, kwa hiyo kosa la hapa ndilo ghali kuliko yote. Agizo linaomba majedwali tu, na majaribio mawili yameshaandikwa pembeni. La kwanza: nikiingiza bustani tarehe 19 Desemba 2026, ambayo ni Jumamosi, kisha nikaiingiza tena, mara ya pili nikataliwe. La pili: nikifuta ombi la kwanza, tarehe hiyohiyo ikubali ombi jipya, na lile la zamani liendelee kuonekana kwenye kumbukumbu.

Jibu ambalo mashine hulitoa mara nyingi kwa agizo la namna hii ni jedwali moja la `maombi`, lenye safu ya `hali` inayosema ombi linasubiri, limethibitishwa au limefutwa, na sharti la `UNIQUE` juu ya sehemu na tarehe. Ukiifungua kwenye phpMyAdmin na kuingiza mistari kwa mkono, jaribio la kwanza linapita vizuri. Hifadhidata inagoma na kuonyesha `#1062 - Duplicate entry`, na kugoma huko ndiko tunakokutaka. Sasa badilisha hali ya ombi la kwanza iwe "limefutwa", kisha ingiza jipya. Inagoma tena, kwa ujumbe uleule. Sharti halijui maana ya neno "limefutwa". Linaona tu kwamba bustani na tarehe hiyo vimeshakuwepo. Kwa mpangilio huu, harusi ikivunjika Jumamosi hiyo imepotea.

Suluhisho ni kutenganisha ombi na tarehe iliyoshikwa. Ombi linakaa kwenye jedwali lake milele, na tarehe inakaa kwenye jedwali dogo la pili:

```
CREATE TABLE siku_zilizoshikwa (
  sehemu  VARCHAR(20) NOT NULL,
  tarehe  DATE NOT NULL,
  ombi_id INT NOT NULL,
  PRIMARY KEY (sehemu, tarehe)
);
```

Meneja akifuta ombi, mstari wa jedwali hili unaondolewa na tarehe inakuwa huru, huku ombi lenyewe likibaki na historia yake. Majaribio yote mawili yanapita. Gharama ya kosa imekuwa agizo moja la nyongeza. Lingegunduliwa tovuti nzima ikiwa imekamilika, ingebidi kuandika upya fomu, kalenda na sehemu ya meneja, kwa kuwa zote tatu zingekuwa zinasoma lile jedwali moja.

Hatua ikipita, inahifadhiwa kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Amri ni mbili, `git add .` na `git commit -m "hatua 1: majedwali"`. Kutoka hapo una mahali pa kurudi, na bila mahali pa kurudi utaratibu wote huu hauna nguvu.

Hatua ya pili ni kupokea ombi. Bado hakuna urembo. Ni faili moja la seva linalopokea jina, simu, sehemu na tarehe. Agizo lake linaweza kusomeka hivi:

> Soma MAELEZO.md na majedwali yaliyobandikwa hapa chini. Andika faili moja tu, omba.php, linalopokea sehemu, tarehe, jina na simu kwa njia ya POST. Ikiwa tarehe iko huru, hifadhi ombi na ushike tarehe. Ikiwa imeshikwa, rudisha ujumbe "Tarehe imeshikwa" bila kuhifadhi chochote. Usibadilishe majedwali. Usiguse faili jingine. Usiandike ukurasa wowote wa kuonyesha. Ukiona jambo halijaelezwa, liulize kabla ya kuandika.

Tazama kwamba nusu ya agizo ni makatazo. Mashine hizi zina ukarimu wa kupitiliza: ukiomba faili moja, zinakuongezea mbili na kukurekebishia la tatu ambalo hukulitaja. Baada ya jibu, kabla ya kujaribu chochote, andika `git status --short`. Orodha itakayotokea inataja kila faili lililobadilika au kuongezeka. Ikiwa lina jina zaidi ya `omba.php`, agizo halikufuatwa na hakuna haja ya kuendelea kukagua. Huhitaji kujua PHP kusoma orodha hiyo.

Jaribio la kwanza la hatua hii ni jina. Tuma ombi ambalo mteja wake anaitwa Ng'wandu au Ng'ang'a. Majina yenye king'ong'o ni ya kawaida kwetu, lakini ile alama ya mkato wa juu ndiyo ambayo hifadhidata huitumia kufunga maneno. Ikiwa msimbo umelibandika jina moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, seva itaanguka kwa kosa la sintaksia. Na hitilafu hiyo si ya kuwakosea heshima Wasukuma na Wakikuyu tu. Ni mlango uleule ambao mhalifu huutumia kuingiza amri zake ndani ya hifadhidata yako. Jina la mteja halali limekuonyesha mlango uko wazi kabla mwizi hajaujaribu.

Jaribio la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya kwa ukumbi badala ya duka la viatu. Watu wawili wanatuma ombi la tarehe moja kwa wakati mmoja. Msimbo wa kawaida unafanya hivi: unauliza hifadhidata kama tarehe iko huru, unajibiwa ndiyo, kisha unahifadhi. Kati ya kuuliza na kuhifadhi kuna mwanya wa sehemu ndogo sana ya sekunde, na maombi yote mawili yanaweza kupita humo. Kwa mkono huwezi kuupata mwanya huo, kwa hiyo unaupanua. Weka kwa muda mstari wa `sleep(3);` mara tu baada ya msimbo kuuliza na kabla haujahifadhi, halafu tuma maombi mawili kwa pamoja kutoka dirisha la Git Bash:

```
U=http://localhost/ukumbi/omba.php
D="sehemu=bustani&tarehe=2026-12-19&simu=1"
curl -d "$D&jina=Asha" $U &
curl -d "$D&jina=Neema" $U &
wait
```

Kwa anayetumia XAMPP hii inatosha, kwa kuwa Apache huhudumia maombi kadhaa kwa wakati mmoja. Anayetumia seva ndogo ya `php -S` ajihadhari: kwa kawaida yake inahudumia ombi moja baada ya jingine, hivyo jaribio litapita hata kama msimbo ni mbovu.

Baada ya sekunde tatu majibu yanarudi. Mmoja kapokelewa, mwingine kaambiwa tarehe imeshikwa. Vizuri kabisa, na hapo ndipo wengi hufunga kompyuta. Lakini fungua phpMyAdmin uhesabu mistari ya jedwali la `maombi`. Unategemea mstari mmoja. Usishangae ukikuta miwili. Msimbo ulihifadhi ombi kwanza ili upate namba yake, kisha ukajaribu kushika tarehe, hifadhidata ikagoma, mteja akapewa ujumbe sahihi, na ombi lake likabaki humo kama mzuka. Meneja atakapofungua orodha ataona maombi mawili ya bustani ya tarehe 19, na anaweza kabisa kumpigia simu yule wa pili kudai advansi. Kioo kilisema kweli, jedwali likasema uongo. Ndiyo maana ukaguzi wa hatua hii hauishii kwenye kivinjari.

Agizo la marekebisho liwe na ushahidi, siyo lawama. Badala ya kuandika "haifanyi kazi," andika: "Maombi mawili ya pamoja yameacha mistari miwili kwenye maombi na mmoja kwenye siku_zilizoshikwa. Weka hatua zote mbili ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ili ya pili ikishindwa ya kwanza irudishwe." Rudia jaribio, hesabu tena, ondoa ule mstari wa `sleep`, kisha hifadhi. Baada ya hapo utaona namba za maombi zinaruka, saba kwenda tisa. Hiyo si hitilafu: namba nane ilitolewa kwa ombi lililorudishwa, na MySQL haitumii tena namba iliyokwisha kuitoa.

Nimekaa sana kwenye hatua hii kwa makusudi, kwa sababu inajibu swali ambalo watu huniuliza: hatua moja iwe kubwa kiasi gani? Iwe ya kiasi ambacho jaribio likishindwa unajua kosa liko wapi. Hapa lilikuwa ndani ya faili moja. Ikiwa agizo moja limebeba kupokea ombi, kalenda na kuingia kwa meneja, na jedwali likaonyesha mistari miwili, una sehemu tatu za kushuku. Kwa upande mwingine, usiikate kazi mpaka ikawa makombo. Agizo la kuandika kitufe peke yake halina cha kukagua.

Hatua ya tatu ni kalenda anayoiona mgeni, na ina mitego miwili. Wa kwanza ni siku kurudi nyuma. Kwenye kivinjari, msimbo mwingi hugeuza tarehe kuwa maandishi kwa njia hii:

```
const d = new Date(2026, 11, 19);
d.toISOString().slice(0, 10);
// kwa majira yetu: "2026-12-18"
```

Mwezi wa 11 hapo ni Desemba, kwani JavaScript huanza kuhesabu miezi kutoka sifuri. Shida iko kwenye mstari wa pili. Saa sita usiku ya tarehe 19 kwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni saa tatu usiku ya tarehe 18 kwa majira ya kimataifa ya UTC, na `toISOString` huandika kwa majira hayo. Mteja anabonyeza Jumamosi, seva inapokea Ijumaa. Kwa aliyeko London majira ya baridi hitilafu hii haionekani kabisa, kwa sababu saa zake zinalingana na UTC, na huenda ndiyo sababu msimbo wa namna hii umezagaa sana. Jaribio ni jepesi: bonyeza tarehe 19, kisha soma jedwali limeandika nini.

Mtego wa pili ni siri za wateja. Kalenda inahitaji kujua tarehe zipi zimeshikwa, basi. Lakini mashine ikiachiwa inaweza kutuma mstari mzima wa ombi hadi kwenye kivinjari na kuficha jina na simu kwa mapambo ya ukurasa. Kwa macho hakuna kinachoonekana. Usitazame kalenda, fungua moja kwa moja anwani ambayo kalenda huchukulia data, mfano `/kalenda.php?mwezi=2026-12`, usome maandishi ghafi yanayorudi. Yawe na sehemu na tarehe tu. Ukiona jina lolote, hatua imeshindwa hata kama ukurasa unapendeza kiasi gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sheria hiyo haijali kama msimbo uliandikwa na wewe au na mashine.

Hatua ya nne, sehemu ya meneja, nitaipitia haraka. Majaribio yake ni matatu. Nakili anwani ya orodha ya maombi, ifungue kwenye dirisha la faragha bila kuingia na nenosiri. Inapaswa kukurudisha nje. Fanya vivyo hivyo kwa anwani inayofuta ombi, maana wakati mwingine orodha hulindwa na kitendo cha kufuta kikaachwa wazi. Mwisho, tuma ombi la mteja anayeitwa `<b>Asha</b>`. Orodha ya meneja ikionyesha Asha kwa herufi nene badala ya alama zenyewe, basi mgeni yeyote anaweza kupenyeza msimbo wake ndani ya ukurasa wa meneja.

Mwonekano, picha na bei vinakuja baada ya hapo. Mwenye ukumbi akikosa subira, mpe ukurasa wa mfano usio na hifadhidata ili apate cha kuonyesha, lakini usiuunganishe na kitu.

Swali lingine ni nini cha kufanya hatua inapogoma. Utaratibu wangu ni kutoa marekebisho mawili tu. Yakishindwa, sibembelezi ya tatu. Naandika `git stash -u`, amri inayoweka kando kila kilichobadilika pamoja na mafaili mapya na kurudisha folda ilivyokuwa kwenye hatua iliyopita, kisha nafungua mazungumzo mapya na kuliandika agizo upya. Mazungumzo marefu yaliyojaa msimbo ulioshindwa yanaendelea kuiongoza mashine kulekule, kwa sababu kila jibu jipya linatungwa kwa kuyasoma yote yaliyotangulia. Faili la maelezo, majedwali na agizo lililoboreshwa vinatosha kuanzia. Mara nyingi nikilisoma tena agizo la kwanza naona lilikuwa na hatua mbili ndani yake.

Na kuna ushauri mmoja maarufu ambao siupokei wote. Watu husema iombe mashine ijiandikie majaribio yake yenyewe. Yana faida, hasa ya kugundua kama hatua mpya imeharibu ya zamani, na ni vyema kuyaendesha kila hatua. Lakini majaribio hayo yametoka kwenye uelewa uleule uliozaa msimbo. Kama mashine haikufikiria harusi inayovunjika wakati wa kupanga majedwali, haitaifikiria wakati wa kupanga majaribio. Mbaya zaidi, jaribio likishindwa na ukaomba "rekebisha ipite," inaweza kulibadilisha jaribio badala ya msimbo. Yaweke kwenye folda yake, na uangalie kwa `git status` kama yameguswa.

Yamebaki malipo, na hapa utaratibu wa kukagua kwa mkono unafika mwisho wa uwezo wake. Malipo ya simu ya kujiendesha yanategemea ujumbe ambao seva ya mtoa huduma inautuma kwenye seva yako kusema fedha zimeingia. Lazima uhakikishe ujumbe umetoka kwake kweli, kiasi kinalingana na advansi, na ujumbe uleule ukija mara mbili hauhesabiwi mara mbili. Mazingira ya majaribio ya mtoa huduma yatakuonyesha njia nyoofu. Ujumbe wa kughushi hayatakutumia. Asiyeweza kusoma msimbo hana namna ya kujiridhisha hapo kwa macho yake, na hatua isiyokaguliwa ndiyo tuliyoikataa tangu mwanzo.

Kwa hiyo, kama unajijengea tovuti ya ukumbi mwenyewe, acha malipo nje. Mteja atume advansi kama anavyotuma leo, meneja aone ujumbe kwenye simu yake na abonyeze "thibitisha". Ukumbi wenye sehemu mbili hauwezi kupata sherehe zaidi ya kumi na nne kwa wiki, na uthibitisho kumi na nne meneja anaumudu. Siku utakapotaka malipo yajiendeshe, mlipe mtaalamu akague hatua hiyo moja. Ukimkabidhi `MAELEZO.md` na folda yenye historia ya kila hatua, atakuwa na kazi ndogo, na bei yake mnaweza kupatana.